Kupunguzwa kazi Kivu: nani aambiwe kwanza, barua iseme nini, na pesa zihesabiwe namna gani

Ijumaa tarehe 24 Januari 2025, amri ilitoka Washington kusimamisha kazi zote zinazolipwa na msaada wa Marekani kwa inchi za nje. Siku tatu baadaye waasi wa M23 waliingia Goma. Katika juma moja, watu wanaofanya kazi katika mashirika ya misaada Kivu ya Kaskazini walipoteza mfazili na muji kwa pamoja. Karibu asilimia 70 ya msaada wa kibinadamu uliokuwa ukifika RDC mwaka wa 2024 ulitoka Marekani, kwa hiyo mshituko haukugusa biro mbili tatu tu. Tarehe 10 Machi serkali ya Marekani ilitangaza kwamba asilimia 83 ya miradi ya USAID imefutwa, na tarehe 1 Julai shirika hilo lenyewe lilifunga kazi zake.

Yale yaliyotokea Washington yameandikwa sana. Yaliyoandikwa kidogo ni yale yaliyotokea baadaye katika biro za Goma, Bukavu, Beni na Bunia: namna mkuu wa wafanyakazi alivyokaa mbele ya walinzi, madereva, wauguzi na watunza stoo, akawaambia kwamba kazi imekwisha. Kupoteza mfazili ni bahati mbaya ambayo hakuna mwajiri wa huku angeweza kuizuia. Lakini namna ya kutangaza iko mikononi mwa mwajiri peke yake, na katika inchi yetu sheria inasema wazi mambo mengi juu yake kuliko wengi wanavyofikiri.

Tuanze na mambo mawili ya zamani, maana watu wa Katanga na wa Bukavu wanayakumbuka vizuri.

Mwaka wa 2003, Gécamines ilikuwa na deni la mishahara ya miezi mingi sana. Kwa pesa za Benki ya Dunia, ikafunguliwa operesheni iliyoitwa "kuondoka kwa hiari". Wafanyakazi zaidi ya 10 000, wengi wao wazee wa kazi, walipewa kiasi cha pesa kwa mara moja, wakatia sahihi, wakaenda. Shida ilikuwa katika maneno. Serkali na Benki walihesabu kwamba anayetia sahihi amepokea zawadi ya kuondoka na mambo yamekwisha. Wafanyakazi wengi walifahamu kwamba wamepokea sehemu ya kwanza, na kwamba hesabu yao ya mwisho kufatana na sheria ya kazi, ile ambayo kila mtu Lubumbashi, Likasi na Kolwezi anaiita dekonti finali, itafuata. Haikufuata. Wakaunda umoja wa wafanyakazi wa zamani, wakadai kwa miaka na miaka, na wengine walikufa wakingali wanadai. Tunaweza kubishana juu ya kiasi kilicholipwa. Lakini ugomvi mkubwa ulianzia mahali ambapo pande mbili zilitia sahihi karatasi moja, kila mmoja akisoma neno tofauti.

Kule Bukavu, kati ya mwaka wa 1999 na 2003, wakati muji ulikuwa chini ya waasi wa RCD, kiwanda cha Bralima kiliachisha kazi watu wengi. Watu 168 kati yao, waliosema kwamba waliondolewa bila haki zao kuheshimiwa, hawakunyamaza. Mwezi wa Desemba 2015 malalamiko yao yalifika Uholanzi, inchi ya Heineken ambayo ndiyo ilikuwa mwenye Bralima, kwenye ofisi inayosimamia kanuni za OECD juu ya kompani kubwa. Agosti 2017 mapatano yalitangazwa na watu wakalipwa. Tangu wa kwanza kuachishwa hadi siku ile ni miaka kumi na minane. Anayefikiri kwamba wakati wa vita hakuna atakayeuliza namna gani watu waliondolewa, amesahau kesi hii.

Sasa turudi kwenye sheria. Sheria ya kazi ya tarehe 16 Oktoba 2002 inaruhusu mwajiri kupunguza watu kwa sababu za uchumi: kazi imepungua, au nyumba inapangwa upya. Lakini kifungu cha 78 kinamlazimisha kwanza kuandika kwa wajumbe wa wafanyakazi siku 15 kabla, akieleza anachotaka kufanya, ili watoe mashauri yao. Kwa maandishi, si kwa simu, wala si kwa kuita mkuu wa sendika pembeni saa ya chakula. Tena, ikiwa idadi ya watakaoondoka kwa mwezi mmoja inapita kipimo fulani, hapo inakuwa uachishaji wa wengi, ambao umekatazwa pasipo ruhusa ya waziri wa kazi. Kwa nyumba yenye wafanyakazi chini ya 100, kipimo hicho ni watu 10, kufatana na amri ya waziri ya Oktoba 2005.

Tuchukue shirika moja la mfano, tusilipe jina. Lina wafanyakazi 86, makao Goma, na stoo mbili za dawa na vyakula. Mfazili wake amekata theluthi ya pesa. Uongozi umehesabu kwamba watu 24 lazima waondoke.

Jambo la kwanza la kujua ni kwamba 24 ni zaidi ya 10. Basi mkurugenzi hawezi kuamka Jumatatu akagawa barua 24. Wengine hujaribu ujanja wa kugawa watu tisa mwezi huu, tisa mwezi ujao na sita wa mwisho. Inspekta wa kazi anayeona barua zote zina sababu moja, mfazili mmoja na uamuzi mmoja wa kamati, anaelewa ujanja huo bila shida. Na kwa watu wenyewe ni mbaya zaidi: wale 77 waliobaki baada ya zamu ya kwanza hawafanyi kazi tena. Kila mmoja anangoja mwisho wa mwezi aone kama jina lake limo.

Jambo la pili ni aina ya mikataba, na hapa ndipo mashirika ya misaada hukosea mara nyingi. Wafanyakazi wao wengi wana mikataba ya muda, mwaka mmoja mmoja, inayofuata pesa za mradi. Mkurugenzi anafikiri: pesa zimekwisha, basi mkataba umekwisha. Sivyo. Mkataba wa muda uliovunjwa na mwajiri kabla ya tarehe yake unamlazimisha kulipa mishahara ya miezi iliyobaki hadi mwisho. Dereva ambaye mkataba wake unaisha tarehe 30 Septemba, akisimamishwa mwisho wa Machi, ana miezi sita ya kudai. Tena sheria hairuhusu kurudia mkataba wa muda bila kikomo: haupiti miaka miwili, na kwa kawaida unarudiwa mara moja tu. Yule mlinzi aliyetia sahihi karatasi ya mwaka mmoja mara tano mfululizo, mbele ya inspekta atahesabiwa kuwa na mkataba usio na mwisho, hata kama hakuna karatasi inayosema hivyo. Kwa hiyo kabla ya kuandika neno lolote, mkuu wa wafanyakazi afungue mafaili yote 24 na kuyagawa mafungu mawili. Barua moja haiwezi kutosha wote.

Jambo la tatu ni nani. Sheria haiachi hili kwa moyo wa mkubwa. Inatazama kwanza ujuzi wa kazi. Watu wawili wakilingana kwa ujuzi, inatazama miaka ya kazi katika nyumba, na kwenye miaka hiyo inaongeza mwaka mmoja kwa aliyeoa au kuolewa, na mwaka mmoja kwa kila mtoto anayemtegemea.

Katika shirika letu la mfano kuna watunza stoo wawili na nafasi moja itafutwa. Mama mmoja ana miaka 7 ya kazi, ameolewa, ana watoto 4. Kijana mmoja ana miaka 9, hajaoa, hana mtoto. Kazi yao ni sawa, hesabu zao za stoo ni safi. Wengi wangesema mama aondoke, maana aliingia nyuma. Lakini hesabu ya sheria inampa mama 7 na 1 na 4, jumla 12. Kijana ana 9. Kijana ndiye anayeondoka. Huenda utaona si haki kwake, na yeye ataona hivyo bila shaka. Ndiyo maana hesabu hii inapaswa kuonyeshwa. Kijana akiiona kwenye karatasi, anaweza kukasirikia sheria. Asipoionyeshwa, atasema mama ana ndugu katika uongozi, au kwamba kabila lake ndilo lililomfukuza. Katika Kivu ya leo, maneno ya namna hiyo hayabaki ndani ya ua wa biro.

Tuje sasa kwenye siku yenyewe.

Siku 15 za mashauri zina hatari yake: habari hutoka. Katibu anayepiga karatasi ana mume, mjumbe wa sendika ana WhatsApp. Waajiri wengi, wakiogopa hilo, hunyamaza hadi dakika ya mwisho, halafu wafanyakazi wanaipata habari redioni au kwa mfanyakazi wa shirika jirani. Ni afadhali kusema mapema kidogo kuliko kungojea. Siku ileile barua inapofika kwa wajumbe, mkurugenzi aite wote 86, aseme mambo machache: pesa za mfazili fulani zimekatwa kwa kiasi hiki, tunafikiri nafasi 24 zitafutwa, majina hayajaamuliwa, tumeandikia wajumbe wenu leo, na mtapata jibu tarehe fulani. Asiseme "tutaona" wala "tunafanya yote tuwezayo". Tarehe ndiyo neno ambalo mtu anarudi nalo nyumbani.

Siku ya majina, utaratibu ni mwingine. Wanaoondoka huambiwa mmoja mmoja, ana kwa ana, na mkubwa wao wa kila siku pamoja na mkuu wa wafanyakazi. Dakika kumi na tano zinatosha. Wote 24 waambiwe siku moja, wanaobaki waambiwe mchana uleule. Kusoma majina hadharani, kama matokeo ya mtihani wa serkali, ni jambo tuliloliona zaidi ya mara moja huku, na sijui ni nani aliyelianzisha. Mtu wa miaka hamsini anasimama kati ya wenzake, jina lake linasomwa, na watu wanamgeukia. Vilevile polisi mlangoni. Mwajiri anasema ni kwa usalama. Mfanyakazi anaona kwamba nyumba aliyoilinda miaka tisa sasa inamhesabu mwizi.

Maneno ya kwanza katika mazungumzo hayo ndiyo magumu, na wengi wanayakimbia. Wanaanza na hali ya dunia, hali ya muji, namna wao wenyewe hawalali usiku. Kijana wetu anakaa dakika tano bila kujua kama anaachishwa au anaombwa kupunguza mshahara. Mkubwa wake angeweza kusema hivi:

"Ndugu yangu, nina habari mbaya, na nitaisema moja kwa moja. Nafasi yako ya kutunza stoo inafutwa, na mkataba wako unakwisha. Si kwa sababu ya kosa lako. Pesa za mradi zimekatwa na tunabaki na stoo moja. Barua ni hii hapa. Nitakuonyesha hesabu ya pesa zako na namna tulivyochagua, halafu utauliza."

Halafu anyamaze. Mtu akilia, akikasirika, akikaa kimya, amwache. Asimwambie "Mungu atafungua mlango mwingine". Mchungaji wake atamwambia hilo Jumapili, na kutoka kwake litakubalika. Na asimwambie kwamba yeye mwenyewe hakukubaliana na uamuzi. Mkubwa anayejiosha mbele ya anayeondoka anamwachia mashaka: kama hata wewe hukubali, basi kwa nini niko hapa?

Jambo lingine ni lugha. Barua itaandikwa kwa Kifaransa, maana ndiyo lugha ya mahakama na ya inspekta. Lakini mlinzi na mfuaji nguo wengi watatia sahihi karatasi wasiyoielewa. Isomwe kwa Kiswahili, mstari kwa mstari, kabla ya kalamu kutolewa. Tumekwisha kuona Gécamines mahali ambapo neno moja lisiloeleweka linaweza kufika.

Barua yenyewe haihitaji kuwa ndefu. Sheria inataka iwe ya maandishi na iseme sababu waziwazi. "Kupangwa upya kwa shirika" peke yake si sababu, ni jina. Sababu ni kwamba mradi fulani ulikwisha tarehe fulani, stoo fulani imefungwa, na nafasi ya mtunza stoo wa pili imefutwa. Kisha iseme siku ya mwisho ya kazi, muda wa preavi, pesa na tarehe ya kulipwa.

Tufanye hesabu ya kijana huyu pamoja naye. Mkataba wake hauna mwisho. Preavi anayopewa na mwajiri ni siku 14 za kazi, kuongeza siku 7 za kazi kwa kila mwaka mzima alioutumikia. Miaka 9 mara 7 ni 63, na 14 juu yake ni 77. Mshahara wake ni dolari 520 kwa mwezi. Kwa desturi ya siku 26 za kazi kwa mwezi, siku moja ni dolari 20. Basi preavi ikilipwa bila yeye kufanya kazi ni 77 mara 20, dolari 1 540. Tangu likizo yake ya mwisho imepita miezi 9. Kipimo cha chini cha sheria kwa mtu mzima ni siku moja ya kazi kwa kila mwezi mzima, nacho huongezeka kwa siku moja kwa kila miaka mitano ya kazi. Tuhesabu zile 9 tu: dolari 180. Jumla 1 720, mbali na mshahara wa siku alizokwisha kufanya mwezi huo na vile anavyopewa na mkataba wa pamoja wa nyumba ikiwa upo, maana mikataba hiyo mara nyingi hutoa zaidi ya sheria.

Hesabu hiyo iwekwe kwenye karatasi ya pili, mistari minne au mitano, apewe aende nayo. Mtu aliyepigwa na habari kama hii hasikii tarakimu. Atazisoma usiku, mke wa kaka yake atazisoma, jirani aliyewahi kuwa katika sendika atazisoma. Kama ni sahihi, ugomvi unakwisha hapo. Kama kuna kosa la siku saba, afadhali ligunduliwe kesho yake kuliko mbele ya inspekta.

Mwajiri anaweza pia kumwacha afanye preavi yake kazini. Hapo ana haki ya siku moja kila juma, kwa mshahara kamili, ya kutafuta kazi nyingine. Wafanyakazi wengi hawaijui haki hii na waajiri wengi hawaitaji.

Pesa zilizobaki zinapaswa kulipwa si zaidi ya siku mbili za kazi baada ya mkataba kukwisha, na cheti cha kazi vilevile. Cheti kinasema aina ya kazi, tarehe ya kuanza na ya kumaliza, na namba yake ya usalama wa jamii, CNSS leo, INSS zamani. Hairuhusiwi kuongeza neno jingine, zuri wala baya. Hiyo namba itazamwe kwa makini siku ileile. Mara nyingi siku ya kuondoka ndiyo mtu anagundua kwamba mwajiri alikata pesa kwenye mshahara wake na hakuzipeleka CNSS. Pensheni yake ya uzee iko hapo.

Kisha inakuja karatasi ambayo mwajiri anaipenda sana, ile inayosema mfanyakazi amepokea vyote na hana tena la kudai. Wengine huiweka mezani pamoja na bahasha: tia sahihi, upate pesa. Sheria ya kazi inasema maneno hayo hayamfungi mfanyakazi. Akikuta baadaye kwamba alipunjwa, anaweza kudai hata kama alitia sahihi. Kwa hiyo mwajiri anayelazimisha sahihi hapati ulinzi wowote, anajipatia tu shahidi mwenye hasira. Lakini mfanyakazi asilale pia: madai ya mishahara yana mwaka mmoja tu tangu siku ilipopaswa kulipwa, na mengine ya mkataba yana miaka mitatu. Mlango wa kwanza ni inspekta wa kazi, anayejaribu kupatanisha. Bila kupita kwake, mahakama ya kazi haipokei. Na mahakama ikiona kwamba sababu haikuwa ya kweli, inaweza kumrudisha mtu kazini, au kumpa malipo yanayoweza kufika mishahara ya miezi 36. Kwa kijana wetu, 36 mara 520 ni dolari 18 720. Mkurugenzi anayeona 1 720 ni nyingi alinganishe.

Haya yote yanasemwa kana kwamba muji una benki na serkali. Tangu mwisho wa Januari 2025 benki za Goma zilifungwa. Bukavu ilianguka katikati ya Februari. Inspekta wa kazi anayetambuliwa na Kinshasa hayuko mahali pake pa zamani, na ruhusa ya waziri inaombwa Kinshasa kwa barua ambayo haijulikani itapita njia gani. Wafanyakazi wengi wamekimbilia Kampala, Kigali, Bujumbura au Kinshasa kwenyewe. Mwajiri mwaminifu afanye nini?

Wengine waliamua kusimamisha mikataba kwa sababu ya nguvu isiyozuilika, jambo ambalo sheria inaliruhusu vita inapofanya kazi isiwezekane. Mimi sioni ubaya wake, ikiwa inasemwa kwa jina lake. Kusimamishwa si kuachishwa: mkataba unalala, haufi. Barua iseme wazi kwamba mkataba umesimamishwa tangu tarehe fulani, kama kuna msaada wowote utakaolipwa katika muda huo au hakuna, na lini mwajiri atarudi na jibu. Yale yanayoumiza ni barua zinazosema "kusimamishwa" wakati uongozi unajua kwamba mradi hautarudi. Mtu anakaa Bujumbura miezi sita akikataa kazi ndogo ndogo, akingojea kuitwa. Alama ya kutambua ni rahisi: je, barua inatoa tarehe? Na je, mfazili aliyekata pesa ni yuleyule aliyekuwa akilipa nafasi hiyo? Kama mfazili ameondoka kabisa, kusimamishwa huko hakuna cha kungojea, na mfanyakazi ana haki ya kuuliza kwa maandishi mkataba wake utakwisha lini na preavi yake ni ngapi.

Kwa walio mbali, mazungumzo yanafanyika kwa simu, kwa sauti, na barua inafuata kwenye simu yake dakika hiyohiyo kama picha au faili, na asili yake inawekwa mahali anapoweza kuichukua. Ujumbe wa WhatsApp peke yake, usiotanguliwa na sauti ya mtu, hautoshi. Pesa zinaweza kupita kwa simu. Lakini makato ya kutuma na kutoa yasitoke kwenye 1 720 ya mfanyakazi. Katika wakati ambapo kila dolari inayopita mpaka inaacha kipande njiani, jambo hili dogo limeleta manung'uniko makubwa kuliko hesabu ya preavi yenyewe.

Inabaki haki moja ambayo karibu hakuna barua inayoitaja. Aliyeachishwa kwa sababu za uchumi ana kipaumbele cha kurudishwa katika kazi ya aina ileile kwa mwaka mmoja, na mwaka mwingine baada ya huo, ingawa katika huo wa pili mwajiri anaweza kumjaribu kwanza. Ikiwa shirika letu litapata mfazili mpya na kufungua tena stoo ya pili, haliwezi kumwajiri mpwa wa mtu wakati kijana yule anatafuta kazi. Ila sheria inamtaka kijana ampe mwajiri anwani yake mpya kila anapohama. Kwa watu waliohama mara tatu tangu Januari, hiyo inamaanisha namba ya simu inayofanya kazi na ujumbe mfupi kwa mkuu wa wafanyakazi: niko hapa sasa. Na kwa mkuu wa wafanyakazi inamaanisha daftari la majina 24, na simu ya kwanza ikipigwa kwa aliye juu ya orodha kabla tangazo la kazi halijabandikwa mlangoni.